Antena za Chumba cha Mama

Karibu mtaa mzima ulimwita Cheche, kwa sababu alikuwa mchomeleaji wa vyuma na karakana yake ilikuwa palepale nyumbani, mwisho wa ua, karibu na geti. Mama mkwe wake naye alimwita hivyohivyo, ila kwa mikono: alikunja ngumi mbele ya jicho, kisha akavifungua vidole kwa ghafla. Mama mkwe alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Jina hilo alimpa siku ya kwanza Cheche alipoletwa nyumbani kutambulishwa, akiwa na kovu jipya la moto juu ya nyusi, na likabaki.

Mama aliishi nao ghorofani. Tangu alipoanguka na kuvunjika nyonga hakushuka tena. Ngazi za nyumba ile zilikuwa nyembamba na zenye kona kali, na daktari alikuwa amewaonya kwamba kumbeba vibaya mara moja tu kungeharibu kila kitu kilichoanza kuunga. Basi dunia yake ikawa kitanda, dirisha na tableti iliyosimamishwa juu ya meza ya pembeni.

Tableti hiyo haikuwa ya kupitishia muda. Mama alikuwa na mdogo wake mmoja wa kike, naye kiziwi, aliyeolewa nchi ya mbali. Wawili hao hawakupelekwa shule. Walikua pamoja katika nyumba ambayo hakuna mwingine aliyejua lugha ya alama, wakajitungia yao: alama za mama yao, za majirani, za mbuzi aliyekuwa akiwapiga pembe, za mambo ambayo hata binti wa Mama, mke wa Cheche, hakuwahi kuyaelewa ingawa alizaliwa na kulelewa ndani ya mikono hiyo. Ujumbe wa kuandika haukuwafaa kitu. Simu ya sauti ndiyo kabisa. Walichokuwa nacho ni picha. Kila alasiri walikaa kila mtu mbele ya kioo chake wakasimuliana, na Mama alicheka mpaka kitanda kikalia.

Kisha mdogo mtu akaugua. Mwanzoni walisema ni tumbo, baadaye wakaacha kusema ni nini. Binti yake ndiye aliyekuwa akimshikia simu hospitalini.

"Dada, msikose kupiga," alimwambia mke wa Cheche. "Akimwona mama mkubwa ndiyo anakula kidogo."

Hawakukosa. Tatizo lilikuwa mtandao. Waya wa intaneti uliingilia sebuleni, chini, na ruta ilikaa pale nyuma ya televisheni ikiwa na antena zake mbili fupi. Kati ya sebule na chumba cha Mama kulikuwa na sakafu ya zege nene, maana aliyeijenga nyumba ile alikuwa na nia ya kuongeza ghorofa nyingine mbili asizozijenga. Picha ilifika juu, lakini mara mojamoja iligandaganda, mikono ikaruka kutoka alama moja hadi nyingine kama mtu anayemeza maneno. Na mtaa wenyewe ulikuwa bondeni. Kwa data ya simu sauti ilipita, picha haikupita.

Alasiri moja mdogo mtu alikuwa na nguvu kuliko siku nyingine. Alikuwa ameketi, mito imemshikilia mgongo. Alimwangalia dada yake muda mrefu, kisha akaanza: *Ile siku ya mvua kubwa. Nilikuficha. Mimi ndiye nili—* na mikono yake ikasimama hewani, kiganja kimoja wazi, kingine kimeelekea kifuani. Picha iliganda hivyo. Iliporudi, muuguzi alikuwa ameingia na kumlaza.

Mama aligeuka akamuuliza binti yake: *Amesema nini?*

*Sijui, mama,* alijibu binti kwa mikono. *Tutamuuliza kesho.*

Cheche alikuwa mlangoni na chai ya mama mkwe wake mkononi. Aliona yote. Alishuka, akaisimamia ile ruta akaitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyemng'ata mgeni. Antena zenyewe zilikuwa fupi kama vidole vya mtoto. Akili yake ya ufundi ikamwambia kitu kilichoonekana dhahiri: mdomo mdogo, sauti ndogo.

Asubuhi yake alienda duka la vifaa vya umeme akarudi na antena mbili ndefu, nyeusi, zinazofika kiwikoni. Kwenye boksi kulikuwa na namba kubwa mara kadhaa kuliko ya zile za zamani. Muuzaji alimwapia kwamba kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo mtandao unavyozidi nguvu. Cheche alizifungua zile fupi, akazitupa kwenye debe la takataka ambalo gari la taka lilipita kulichukua kabla ya mchana, akazifunga mpya, akazisimamisha wima kama askari wawili.

Kisha akatoka na simu yake kupima. Sebuleni, mistari yote. Uani, mistari yote. Karakana, ambako zamani alikuwa akisimama mlangoni na kuinua simu juu ndipo apate ujumbe, sasa video ilicheza bila kusita. Alifika mpaka getini. Bado ipo! Jirani wa upande wa kushoto, mama mmoja mwenye maneno mengi, alimchungulia juu ya ukuta.

"Cheche, umefanya nini? Jina la waifai yenu linanitokea mpaka jikoni kwangu."

"Dawa ya kisasa hiyo, jirani."

"Basi nipe na neno la siri, nisibaki kunusa tu!"

Alicheka. Alirudi ndani akipiga mluzi, akamwambia mke wake, "Kazi imekwisha. Leo mama ataongea mpaka achoke mikono."

Alasiri walipopiga, picha ya mdogo mtu ilitokea mara moja, ukungu mtupu, ikaganda, ikakatika. Wakapiga tena. Duara dogo likazunguka katikati ya kioo, likazunguka, likazunguka. Upande wa pili binti wa mgonjwa alipiga simu ya kawaida: "Dada, hatuwaoni. Mama anauliza kwa nini mama mkubwa amejificha."

"Tunakuja, mdogo wangu. Mtandao tu."

Mama aliinua mikono kumuuliza binti yake, binti akajibu kwamba ni mtandao, na Mama akageuza macho dirishani. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kijani kwa ajili ya simu hiyo.

Cheche hakuweza kuamini kwamba kosa ni la antena. Alishuka akapima: mistari yote. Alitoka mpaka getini: mistari yote. Sasa kitu kinachofika getini kitashindwaje kupanda dari moja? Kwa hiyo akalaumu tableti. Aliipeleka kwa fundi wa simu, ambaye aliishikilia mpaka siku ya pili yake, akaifuta, akaiwekea upya kila kitu, akairudisha akisema haina ugonjwa. Siku hiyo yote Mama hakumwona mdogo wake kabisa. Walijaribu kwa simu ya mke, ikawa yaleyale.

Akalaumu umbali. Alivuta ruta kutoka nyuma ya televisheni, akaipandisha juu kabisa ya kabati, akiwa amehesabu kwa macho mahali kitanda cha Mama kilipo, ili iwe chini yake hasa. Antena zikakaribia kugusa dari. Alipopanda kupima, tableti ilionyesha mstari mmoja unaokuja na kuondoka. Ilikuwa mbaya kuliko jana. Alisimama katikati ya chumba, jasho linamtoka, huku mama mkwe wake akimtazama kutoka kwenye mto.

*Cheche,* alisema Mama kwa mikono. *Pumzika. Unazunguka kama kuku.*

Lugha ya mikono ya Cheche haikuwa nzuri. Alijua maneno ya chakula, ya dawa, ya salamu. Alitaka kumwambia, nimekununulia kitu kikubwa kuliko vyote vilivyokuwepo dukani na sijui kwa nini hakifanyi kazi. Akamwambia: *Kesho nzuri.*

Walijaribu kurekodi. Mke alimrekodi Mama akiuliza lile swali, siku ya mvua, ulisema nini, ikatumwa taratibu na ikafika. Jioni kulirudi kipande kifupi. Mdogo mtu alikuwa amelala, anaangalia simu. Binti yake alisikika akisema, ingawa mama yake hakumsikia, "Mjibu, mama, ongea naye." Mikono iliinuka kidogo. Mgonjwa alitafuta kwenye kioo uso wa dada yake, akaona sura yake mwenyewe iliyokonda, akaishusha mikono juu ya shuka. Kipande kikaishia hapo. Mama alikiangalia mara nyingi.

"Haongei na kioo," mke wa Cheche alisema walipobaki wawili jikoni. "Anataka kumwona. Na mama naye ni hivyohivyo." Kisha akasema, bila hasira, na hilo lilimuuma Cheche kuliko hasira: "Zamani ilikuwa inakatika mara mojamoja tu."

"Unataka kusema ni mimi?"

"Sijasema ni wewe. Nasema ilikuwa inakatika mara mojamoja."

Walipiga kampuni ya intaneti. Muziki ukapigwa, sauti ikawashukuru kwa uvumilivu wao, muziki ukapigwa tena. Hatimaye mtu akawaambia kwamba kwa upande wao laini haina hitilafu na kasi ni nzuri, ila fundi angepita zamu yao ikifika. Zamu haikufika kesho yake wala kesho kutwa. Kila alasiri Mama alivaa kitambaa. Kila alasiri duara likazunguka. Sauti ya yule binti wa mbali ikazidi kushuka: leo hakula, leo hakuamka mpaka saa za mchana, leo alinishika mkono akafikiri mimi ni mama mkubwa.

Fundi alikuja siku ambayo walikuwa wameacha kumngoja. Alikuwa mwanamke wa makamo, begi begani, na alikuwa na haraka kwa sababu nyumba nyingine zilimngoja. Alipoingia sebuleni aliinua macho juu ya kabati, akaziona zile antena.

"Kaka, tatizo lenu ni huko juu, sivyo? Chumba kilicho hapa juu hasa."

"Umejuaje?"

Fundi alipanda na simu yake akapima chumbani, akamsalimia Mama kwa kichwa, akashuka.

"Hizi umeweka lini?"

Cheche akamwambia. "Lakini dada, hizi ni kubwa. Namba yake ni kubwa. Zinafika mpaka getini!"

"Zinafika, ndiyo. Ndiyo kazi yake." Alichukua mto wa kochi, akauweka kati ya viganja vyake, kimoja juu kingine chini. "Antena haitengenezi nguvu. Nguvu inatoka kwenye ruta, na ni ileile uliyokuwa nayo. Antena inaigawa tu. Zile fupi zilikuwa zinaigawa kama mto huu ulivyo, imevimbavimba, pembeni ipo, juu kiasi, chini kiasi." Kisha akaubana. Mto ukatandazika, kingo zake zikatoka nje ya vidole. "Hizi ndefu zinafanya hivi. Umepata umbali pembeni, lakini umeutoa wapi? Umeutoa juu na chini. Na wewe ukaiweka chini ya kitanda hasa. Antena iliyosimama wima, mahali inapotoa kidogo kuliko kote ni pale kwenye ncha yake inakoelekea."

Cheche aliutazama ule mto. Alikuwa mtu wa vyuma, alijua kwamba ukipiga kipande cha bati kikawa kipana kinakuwa chembamba. Alielewa bila kuuliza mara mbili, na kuelewa kule kulikuwa kama kushuka ngazi na kukosa kidato kimoja.

"Na tableti nayo?" aliuliza mke wake. "Yenyewe si inatuma pia?"

"Ni vilevile. Antena inasikia vizuri kule inakotupa, na inasikia vibaya kule isikotupa. Tableti ya mama inapiga kelele huko juu, huku haisikiki. Tena kwa kuwa sasa inasikia mbali pembeni, inazisikia na ruta za majirani wote wanaotumia njia ileile. Zinaingiliana."

"Kwa hiyo nimetapeliwa," alisema Cheche.

"Hujatapeliwa. Ungekuwa na nyumba ndefu ya chini tu, au ungekuwa unataka karakana yako ile, ungemshukuru aliyekuuzia. Zina faida. Ila si kwa nyumba ya kwenda juu." Akaangalia saa. "Zile za zamani ziko wapi?"

Mke wa Cheche alijibu kwa niaba yake: "Zilikwenda na gari la taka."

Fundi hakuwa na nyingine begini. Aliishusha ruta, akaisogeza mbali kidogo na mahali palipo chini ya kitanda, akazilaza zile antena ubavu, zikanyooka kandokando ya ukuta. "Nikizilaza, ule mto nao unasimama. Ukingo wake unapanda juu. Karakana itapungua, mniwie radhi. Zege bado ni zege, kwa hiyo haitakuwa safi sana, lakini itapita. Dawa yenyewe ni waya kutoka hapa mpaka juu, na kifaa kingine chumbani kwa mama. Nitaomba niletewe, nije kuwafungia wiki ijayo."

Aliondoka. Cheche alipanda na kuikuta tableti ina mistari ya kutosha. Alimwita mke wake.

Walipiga. Picha ilikuja, ikatulia. Waliona chumba cha hospitali, ukuta wa rangi ya maziwa, kitanda chenye vyuma. Waliona uso wa mdogo mtu ukiwa umelala upande, macho nusu wazi, na mikono yake miwili juu ya shuka, viganja chini.

Mama aliinua mikono akamsalimia kwa lile jina ambalo hakuna mwingine aliyekuwa akilitumia, kidole mashavuni mara mbili. Mikono iliyo kwenye kioo haikusogea. Mama alisubiri. Akarudia. Kisha akamgeukia Cheche, maana ndiye mtu wa mtandao, akamwambia kwa alama ambayo siku hizo alikuwa ameizoea: *Imeganda tena.*

Cheche aliinama karibu na kioo. Nyuma ya kitanda pazia lilikuwa linapepea. Mkono wa yule binti uliingia kwenye picha ukairekebisha shuka, ukatoka.

Mke wake alikuwa ameuficha uso kwenye kiganja. Ilibidi aseme Cheche mwenyewe. Alitafuta neno "ganda" na hakulijua, akachukua lile la Mama mwenyewe, akatikisa kichwa: *Hapana, mama. Haijaganda.*

Mama alimtazama. Akarudi kwenye kioo, na safari hii aliangalia pazia.

Basi akaongea peke yake. Aliongea muda mrefu. Mke wa Cheche baadaye alisema aliyafahamu machache: habari za mbuzi, za mama yao, za mvua. Siku ya mvua aliisimulia yote alivyoikumbuka yeye, akifika mahali ananyamaza, akimpa mdogo wake nafasi, kisha anaendelea. Mara moja macho ya mgonjwa yalifunguka zaidi na kuifuata mikono ile, kushoto, kulia, kama mtu anayesoma. Mikono yake mwenyewe haikupanda. Halafu macho yakafumba, na binti akasema kwa upole, "Amelala, dada. Lakini amemwona. Nina hakika amemwona."

Mdogo mtu hakuamka tena. Habari ilifika kwa simu ya sauti, na mke wa Cheche ndiye aliyeipeleka juu.

Wiki iliyofuata fundi alikuja kama alivyoahidi. Hakuna aliyekumbuka kumzuia. Alikuta viti vya wafiwa bado vipo uani, akasimama getini na kifaa chake ndani ya boksi, akauliza kama arudi siku nyingine. Mke wa Cheche alimwambia aingie tu. Cheche alimshikia ngazi, akatoboa ukuta mahali alipoonyeshwa, akaupitisha waya pembeni ya kona zile kali hadi ghorofani. Hakuna aliyeongea zaidi ya "vuta" na "legeza". Kifaa kidogo kisicho na antena yoyote ya kuonekana kikafungwa darini, taa yake ikawaka.

"Mpigieni mtu tuone picha," alisema fundi, kisha akatambua alichosema, akaanza kukusanya vifaa vyake.

Mama alikuwa anawaangalia. Alisoma nyuso zao, akamuuliza binti yake wanataka nini, akaambiwa. Alifikiri. Akakunja ngumi mbele ya jicho na kuifungua.

Kwa hiyo Cheche akashuka mpaka karakana, sehemu pekee aliyoijua vizuri, akakaa juu ya kazi ya chuma aliyokuwa hajaimaliza. Sasa kule mtandao ulikuwa umerudi kuwa hafifu. Ilimbidi asogee mlangoni. Simu iliita, akapokea, na Mama akatokea, safi, kila mkunjo wa uso wake unaonekana. Mikono yake iliteleza bila kuruka hata alama moja.

*Nakuona,* alisema Mama.

Cheche aliisimamisha simu kwenye kizingiti ili apate mikono miwili. Alikuwa amejiandaa kwa maneno, mke wake alimfundisha asubuhi ile: samahani, sikujua, nilitaka kukusaidia. Aliyasema. Aliyachanganya, akarudi nyuma, akaanza upya, vidole vyake vinene vya kazi ya moto vikigongana.

Mama alikunja uso akasogea karibu na kioo.

*Picha ni nzuri,* alimwambia. *Lakini sielewi unachosema.*

Akajaribu tena. Naye akamsubiri, mikono mapajani, amemkazia macho.